KUH: MADAI YA FIDIA, DUKA LANGU LIMEUNGUA USIKU WA KUAMKIA JUMANNE 14 MEI 2024 (BIMA NAMBA BM/0417/24)

Kwa idara ya madai,

Salaam. Jumanne asubuhi niliwapigia kutoa taarifa mkaniambia nilete maelezo kwa maandishi, ndiyo haya.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi usiku, mlinzi wa duka la jirani akanipigia, anaongea mbiombio hata sikumwelewa, nilichoshika ni neno moshi tu. Nilipofika moto ulikuwa umeshika stoo ya nyuma, umepanda mpaka darini, huku mbele moshi mweusi unatoka chini ya shata. Zimamoto walifika kama saa nane na dakika ishirini, wakakata kufuli wakaingiza mpira wa maji, mpaka saa tisa ukawa umezimika. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu.

Jioni nilifunga saa moja na nusu. Mashine ya kopi niliizima kwenye soketi, ila swichi kuu niliiacha imewashwa kwa sababu ya taa ya nje na kamera, nasema hivyo kabisa ili baadaye isije kuonekana nimeficha. Zimamoto wameandika kwamba moto ulianzia kwenye waya wa umeme juu ya dari ya stoo. Ripoti yao na ya polisi nimeambatanisha.

Vilivyoungua kabisa, vyote vya stoo:
- daftari katoni 46
- karatasi za A4 katoni 30, kila katoni rimu 5
- mabegi ya shule 58
- kalamu katoni 9
- vikokotoo 64, hivi vimeyeyuka vikashikana kama bonge moja, vitufe huwezi kuvitofautisha
- rafu 4 za mbao, dari yote ya stoo na waya zake

Vilivyoharibiwa na maji, huku mbele:
- karatasi za A4 katoni 22, yaani rimu 110
- vitabu vya leja 75
- mashine ya kopi 1, printa 2, kompyuta 1

Moshi nao umeharibu faili 340, mabegi 21 na bahasha zote zilizokuwa kwenye rafu za ukutani.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri. Aliyepokea simu yangu aliniambia niorodheshe vilivyoungua tu, hivyo vingine "havijaguswa na moto". Kwa heshima yote sikubaliani naye, maana yale maji yalimwagwa kuzima moto huohuo niliokatia bima, bila moto kusingekuwa na maji wala moshi. Na mtu akisimama mlangoni kweli ataona katoni zimepangwa vizuri atasema ni nzima, lakini nilifungua moja mwenyewe, rimu ya chini imevimba mpaka karatasi ya kufungia imepasuka, ukijaribu kutoa karatasi moja zinakuja kumi zimegandana. Faili ukipitisha kidole kinatoka cheusi, na harufu haitoki, nimeanika 5 juani siku nzima bado zinanuka moshi. Mteja gani atanunua?

Kuhusu thamani, nimeweka bei ya kununulia, siyo ya kuuzia, faida sijaihesabu popote. Daftari la stoku liliungua, bahati nzuri huwa nalipiga picha kila mwisho wa mwezi, kwahiyo hesabu ya tarehe 30 Aprili ipo, nimejumlisha mizigo miwili iliyoingia Mei nikatoa mauzo. Ankara ambazo nilikosa nimeomba nakala kwa wauzaji wa jumla, zote zimo kwenye bahasha pamoja na jedwali la thamani ya kila kitu. Jumla yake haifiki kiwango nilichokatia bima. Pesa taslimu sidai, mauzo ya siku hiyo nilikwenda nayo nyumbani. Mapato ninayokosa kwa kufunga duka pia sidai, najua bima yangu haina kipengele hicho, ingawa ndiyo yananiumiza kuliko vyote maana kodi inaendelea na kijana wangu wa dukani anahitaji mshahara wake.

Mabaki yote yapo, sijatupa hata kikokotoo kimoja. Nimefunika tundu la paa kwa turubai mvua isiongeze hasara na vizima kidogo nimevitenga pembeni. Ila karatasi mbichi zimeanza kuota ukungu, ndiyo maana naomba mkadiria hasara aje wiki hii, akichelewa atakuta uozo halafu tutaanza kubishana ulitokana na nini. Kama hawezi kuja, nipeni ruhusa kwa maandishi nizitoe nikishazipiga picha.

Namba yangu ni ileile iliyo kwenye faili lenu. Funguo ninazo mimi, akipiga tu nusu saa kabla atanikuta mlangoni.

Wenu,
Mwenye duka la vifaa vya shule na ofisi
16 Mei 2024