Kaskazi na Gauni la Zumaridi

Wallahi, Shela hapa Lamu leo imevalika! Dada yetu kashuka mashua, kakanyaga zulia jekundu na gauni la shifoni, kijani cha zumaridi, juu ya satini iliyokatwa mshazari. Ndiyo maana haimbani, inamfuata nyonga kama maji. Kiunoni huoni kunyanzi hata moja. Kwapani, hapo sikubali: fundi angepunguza nusu inchi, maana kitambaa kinafutuka kila anapopunga mkono.

Lakini huo mkia, jamani! Kaskazi imevuma, mita tatu za shifoni zikainuka kama tanga la jahazi, naye hakuzishika. Kasimama, kageuza shingo taratibu, kaziacha zipepee. Kina mama wakapiga vigelegele. Mimi nimesisimka mpaka sasa.