Matenga ya Mjomba Hemedi

Mafungu yalikuwa matatu. Maembe machanga yaliyoangushwa kwa bahati mbaya ni ya achari. Yaliyopevuka lakini bado magumu yanaingia kwenye matenga ya Dar es Salaam. Mabivu yanauzwa leo leo soko la Mgandini. Mjomba Hemedi alimweleza Saidi mara moja tu, chini ya mwembe wa ngowe pale Pongwe, kisha akaparamia juu na upembo wake.

Saidi alichambua haraka, maana mtoto wa miaka kumi na miwili akiahidiwa ujira hachelewi. Saa nne Bi Mwanaidi, mkaza mjomba, alikuja kushona matenga. Alitia mkono katikati ya la kwanza, akatoa embe lililoiva hadi likawa na rangi ya kiini cha yai. Akatoa jingine. Akalipindua tenga zima.

"Saidi, hili ni bichi?"

"Bichi, mama."

"Na hili?" Alikuwa ameshika la kijani.

"Hilo nalo bichi. Si yamefanana?"

Mjomba aliteremka akifoka. Alikuwa na haki ya kukasirika: embe bivu hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huwaivisha wenzake wote waliobanwa nalo. Lori likipata joto na mitikisiko, lile bivu hupasuka, maji yake yakaozesha ya chini, na mnunuzi wa Dar akikuta tenga moja hivyo hushusha bei ya mzigo mzima.

"Mchezo huu!" alisema. "Rangi huzioni?"

"Naziona, mjomba."

Bi Mwanaidi hakubishana. Alimtuma kwenye mpilipili uliokuwa karibu na kisima. "Nichumie pilipili kumi, nyekundu tupu." Saidi aliinama, akawa anaushika mti jani kwa jani kama anayetafuta sindano. Alirudi na kumi kamili: sita nyekundu, nne za kijani.

"Hemedi, mwache mtoto," alisema Bi Mwanaidi. "Huyu kamrithi mkwe wangu."

Mkwe wake, yaani babu mzaa mama wa Saidi, alikuwa barazani akisuka ukili. Alipoulizwa alicheka. Tangu ujana wake watu walidhani ananusa maembe kwa ulafi. Ila wanawe walijua: shati la kijani na la kahawia kwake ni mamoja. Upungufu huu hupita kwa mama, ambaye mwenyewe kwa kawaida anaona rangi vizuri, ukamwangukia mwanawe wa kiume. Mjomba Hemedi hakuweza kuurithi kwa babake, maana baba hampitishii mwanawe wa kiume.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kaa hapa. Sasa acha macho."

Aliweka embe kwenye kiganja cha mjukuu. "Mabega kwanza. Likiwa changa, mabega yameshuka chini ya kikonyo. Likipevuka hupanda, na kikonyo kinabaki kwenye kishimo. Umesikia? Pitisha kidole." Saidi alipitisha. "Ukishajua limepevuka, tafuta kama limeiva. Nusa hapo hapo penye kikonyo. Bichi linanuka utomvu, bivu linanukia. Bado una wasiwasi? Libonyeze karibu na ncha, kidogo sana, kwa kidole gumba. Ukikandamiza ubavuni, kesho patakuwa na doa jeusi, na hilo doa utalilipa wewe."

Walichambua upya matenga yote. Kazi ilikwenda polepole, lori likasubiri, dereva akanuna. Bi Mwanaidi alikagua: halikuponyoka hata bivu moja.

Januari, mama yake alimpeleka hospitali ya Bombo. Mtaalamu wa macho alimfungulia kurasa za Ishihara, zenye namba zilizochorwa kwa nukta za rangi. Ukurasa wa kwanza Saidi alisoma 12, kama kila mtu. Wa pili, penye 8, yeye akaona 3. Aliambiwa macho yake hayaumwi, hayatazidi kuwa mabaya, wala hakuna dawa; taa za barabarani azijue kwa nafasi, nyekundu juu, kijani chini, na nyaya za umeme asiunganishe kwa kukisia rangi.

Mwisho wa msimu yalibaki maembe epo. Mjomba alitupa moja kwenye fungu la mabivu, upande mmoja umeiva wekundu wa kutamanisha. Saidi alilichukua, akapitisha kidole mabegani, akalinusa, akalihamishia kwenye matenga ya Dar.

"Wee, hilo jekundu!"

"Gumu, mjomba. Halinukii kitu."

Wekundu wa epo huletwa na jua linalopiga upande ule, hata embe likiwa bado halijaiva. Mjomba alilikata kwa kisu. Nyama ilikuwa nyeupe, ngumu, chachu.

"Lete chumvi," alimwambia Saidi. "Pilipili nitachuma mwenyewe."