Waliorudi na Wasiorudi: Mwaka wa Kwanza wa Zahanati ya Mtaa

Saa moja kasorobo asubuhi mlango wa zahanati bado umefungwa, lakini benchi la barazani limekwisha kujaa. Hakuna anayegawa namba. Kila anayefika huuliza wa mwisho ni nani, kisha huketi. Mlinzi anapofungua, wa kwanza kuingia ni muuguzi wa chanjo, ambaye kabla hata ya kuvua koti huenda kwenye friji, akasoma kipimajoto na kuandika 5 kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwake. Jioni atasoma tena, kwa kuwa chanjo hizo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Katika mwezi wa nne umeme ulikatika kwa saa 9, naye akazihamishia kwenye kasha la baridi na kukesha nazo. Hakuna chupa iliyoharibika.

Rejista inaonyesha mahudhurio 11,460 katika miezi 12, kutoka 412 mwezi wa kwanza hadi 1,238 mwezi wa mwisho. Ni hesabu inayopendeza kusomwa mbele ya wageni, na uongozi huitaja kwanza. Hata hivyo, haisemi ni wangapi walikuja mara moja wakapotea, na kwa ugonjwa kama presha hilo ndilo swali lenyewe.

Katika chumba cha vipimo mzee mmoja anaingia akihema na kunyoosha mkono papo hapo. "Shikamoo baba. Mkono subiri kwanza," anasema muuguzi, akimwonyesha kiti chenye egemeo. Anatakiwa kupumzika dakika 5, miguu ikiwa sakafuni na mdomo umefungwa, sharti ambalo mzee analivunja mara tatu kwa kueleza habari za mjukuu wake. Kipimo cha kwanza kinasoma 168 kwa 96, cha pili 160 kwa 94. Vyote viwili vimepita 140 kwa 90, na kadi yake inaonyesha kwamba hajaonekana kwa miezi mitatu.

"Vidonge vya mwezi wa kwanza vilipokwisha, kichwa kilikuwa hakiumi tena," ananieleza baadaye. "Nikajua nimepona. Nani anameza dawa akiwa mzima?"

Hayuko peke yake. Kati ya watu 203 waliogunduliwa kuwa na presha mwaka huu, 88 tu walifika mwezi wa mwisho kuchukua dawa. Wahudumu waliwatafuta kwa simu wale 115 waliobaki na kuwapata 71: 38 walijisikia vizuri wakaacha, 14 walikuwa wamehamia kituo kingine, na 19 walisema walikuta dawa zimeisha. Wengine 44 hawakupatikana, wengi wao kwa sababu siku ya kwanza hakuna aliyeandika namba zao za simu.

Hao 19 wanastahili kusikilizwa zaidi ya wote, maana wao walirudi. Katika mwezi wa saba dirisha la dawa lilikaa siku 23 bila kidonge kimoja kinachotumiwa sana na wagonjwa wa presha. "Nilikuja mara mbili," anasema mama mmoja wa makamo. "Kila safari naomba ruhusa kazini, nakaa kwenye foleni, nafika dirishani naambiwa hakuna. Ya tatu ningeombea ruhusa gani?" Mganga mfawidhi hapingi. Anasema oda ilipelekwa ikiwa imekadiriwa kwa wagonjwa wa mwezi wa pili, wakati idadi ilikuwa imekwisha kuongezeka maradufu. Sasa hesabu ya dawa hufanywa kila Ijumaa.

Kliniki ya wajawazito inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Wameandikishwa 386, na 146 wamefikisha mahudhurio manne. Haitakuwa haki kuwahesabu waliojiandikisha katika miezi mitatu ya mwisho, ambao ni 120, kwani muda wao haujatimia. Ukiwaondoa, waliofikisha manne ni asilimia 55. Lakini tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio 8, la kwanza likiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo, na hapo zahanati ina wanawake 31 tu. Mkunga anasema wengi huja tumbo likiwa limeonekana. Msichana mwenye mimba yake ya kwanza anakubali kwamba alichelewa: "Niliogopa kuulizwa maswali mbele ya watu. Kumbe ndani kuna pazia."

Pazia hilo, la kijani na lenye upande mmoja uliochomoka kwenye pete, liliwekwa mwezi wa tano baada ya wanawake kulalamika.

Saa saba mchana benchi limebaki na watu wawili. Mzee wa asubuhi yuko dirishani, anahesabu vidonge vyake mwenyewe ingawa vimekwisha kuhesabiwa mbele yake. Muuguzi anamwandikia tarehe ya kurudi, kisha anamwomba namba ya simu. Mzee anaitaja yake, anafikiri kidogo, halafu anaongeza ya binti yake, kwa sababu yake, anasema, mara nyingi haina chaji.