Muhtasari wa simu: pesa zimeenda namba isiyo yake

Mteja ni mama muuza samaki, Feri. Kapiga saa 2:40 asubuhi. Jana jioni alituma sh. 185,000 za mzigo, akakosea tarakimu ya mwisho: 4 badala ya 7. Jina la mpokeaji lilitokea, hakulisoma. Hakuwa na miwani.

Hii ni mara yake ya tatu kupiga, na kila mara kaanzishwa upya. Tafadhali usimhoji tena, muamala nimeuhakiki.

Sh. 142,000 nimezizuia kwa mpokeaji. 43,000 zimeshatoka kwa wakala. Mpokeaji hapokei simu, mjaribu saa 8 mchana. Mama mpigie kabla ya saa 11 hata kama hakuna jipya. Sijamwahidi kurudishiwa zote.