Maneno ya Kumuaga Mama
Baba, Mchungaji, wajomba na mashangazi, majirani zetu wa Marangu, Bwana Yesu asifiwe.

Mithali 31 inauliza: "Mke mwema, ni nani awezaye kumwona?" Sisi wanawe tulimwona kila siku. Andiko linasema huamka kabla haujaisha usiku. Mama aliamka hivyo, akakata majani ya ng'ombe, akatuachia uji jikoni, kisha akajitwika mkungu wa ndizi kwenda sokoni. Ada zetu zilitoka kwenye ndizi hizo. Hata kahawa ilipokosa bei, hakuna kati yetu aliyeacha shule.

"Huwakunjulia maskini mikono yake." Hapa wapo wanaojua kuliko mimi, maana Mama hakutangaza alichotoa. Jirani mjane alipougua, kwetu vilipikwa vyungu viwili, kimoja chake. Alikuwa mkali pia, hasa kwa mvivu na msengenyaji, na ukali ule ulitulea.

Baba, asante kwa kumpenda. Imeandikwa kwamba wanawe huondoka na kumwita heri. Ndugu zangu, simameni tumwite pamoja: heri wewe, Mama!