Ombi la Kuunganishwa na Mtandao wa Hospitali ya Kaunti Ndogo

Zahanati ya kijiji,
Nyabondo, Nyakach,
Kaunti ya Kisumu.

11 Machi 2025

Kwa Mhandisi wa Mawasiliano,
Kisumu.

Mhandisi,

MINT: KIUNGO CHA REDIO HADI PAP ONDITI

Pokea salamu kutoka huku mlimani. Ninaandika kama tulivyokubaliana kwenye simu, nikiomba utuunganishe na mtandao wa hospitali ya kaunti ndogo iliyoko Pap Onditi.

Makohozi ya wagonjwa tunaowashuku kuwa na kifua kikuu hushuka na bodaboda, na majibu hurudi kwenye karatasi kwa njia hiyo hiyo. Mvua ikinyesha na uwanda wa Kano ukifurika, karatasi hukaa huko huku mgonjwa akiendelea kukohoa nyumbani kwake na watoto. Mama mjamzito naye tunampa rufaa bila kujua kama chumba cha upasuaji kina nafasi. Netiwaki ya simu hapa ni ya kubahatisha. Muuguzi hulazimika kutoka nje hadi kwenye ukingo wa mteremko ndipo ampate daktari, na mgonjwa kamwacha ndani. Jambo hili linaniumiza sana.

Tuna bahati moja: tuko juu. Ukipanda kwenye mnara wetu wa tangi la maji asubuhi, kabla ukungu wa joto haujatanda, unaliona paa la hospitali kwa macho. Kwenye ramani ya simu ni takribani kilomita 11 moja kwa moja. Kizuizi ninachokiona ni mikalitusi ya jirani iliyo chini ya ukingo, nayo inarefuka kila mwaka. Tafadhali ipime, kwa maana najua mawimbi huhitaji nafasi pana kuliko ule mstari wa jicho. Mwenyewe yuko tayari kuipunguza.

Hatuhitaji makubwa. Megabiti 5 kwa sekunde, kwenda na kurudi, zinatosha kwa majibu ya maabara, rekodi, ripoti za mwezi na simu ya video moja kwa daktari.

Umeme hukatika mara kwa mara, basi mitambo itumie sola yenye betri yake. Jokofu la chanjo lina paneli zake, na hizo zisiguswe hata kwa waya mmoja. Radi hapa ni kali: weka kinga na waya wa ardhini pande zote mbili. Na kwa kuwa zitapita siri za wagonjwa, ambazo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inatudai tuzihifadhi, kiungo kisimbwe tangu siku ya kwanza. Masafa utakayochagua yawe yanayoruhusiwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Kama kibali kinahitajika, nijulishe mapema nianze kukifuatilia.

Msimamizi wa hospitali amekubali antena ifungwe kwenye mnara wao. Naomba uje kupima kabla mvua za masika hazijakolea, kisha utuandikie gharama ya kila kifaa pamoja na ya matengenezo, niiwasilishe kwa kamati ya zahanati. Nauli yako tutalipa. Epuka Jumatano tu, kwani ndiyo siku ya kliniki ya watoto na sitapata nafasi ya kupanda nawe mnarani.

Wako mwaminifu,

Msimamizi wa Zahanati