Kabla hujaanza mionzi Jumatatu

Shikamoo mama. Kaa hapa, na wifi yako asogee asikie, maana nyumbani yeye ndiye atakayekukumbusha.

Daktari amekuandikia mionzi ya kifuani ya kutibu saratani, mara 15, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 3. Tunaigawa kidogo kidogo ili seli nzima zipate nafasi ya kujirekebisha. Najua nauli ya kutoka Mbagala kila siku inauma, lakini usikatishe. Ukikwama au ukipata msiba, tupigie kwanza tujue la kufanya.

Chumbani utalala chali, mkono wa kushoto juu ya kichwa. Endelea na mazoezi ya bega uliyofundishwa baada ya upasuaji, ndiyo yatakayokusaidia kuuinua. Tutakupanga kwa kufuata zile alama tulizokuchora, kwa hiyo usizisugue. Halafu tunatoka, ila tunakuona kwenye kamera na kukusikia. Ukipata tabu sema, tutasimamisha mashine. Itavuma na kukuzunguka, haitakugusa wala kukuuma. Ukitoka, hubaki na mionzi mwilini: mjukuu mpakate, chakula kuleni sahani moja.

Sasa ngozi. Kwa kawaida hapa kifuani patawasha na kuwa peusi au pekundu kuanzia wiki ya pili, na hali huzidi hata baada ya kumaliza, kisha hupoa. Oga maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na harufu, bila dodoki. Jikaushe kwa kugusagusa na khanga laini, hasa kwapani. Liwa, manukato, barafu, dawa za kuchua: hapo hapana. Tumia losheni tutakayokupa tu. Usinyoe kwapa hilo kwa wembe. Vaa pamba iliyolegea, mkoba beba bega la kulia, na juani jifunike. Ngozi ikichubuka, ikitoa maji au harufu, au ukipata homa, njoo siku hiyohiyo. Usiweke majani wala unga wa dawa.

Uchovu nao utakuja taratibu, na unaweza kuendelea wiki kadhaa baada ya kumaliza. Si uvivu, wala si dalili kwamba saratani imerudi. (Wifi, hilo la uvivu nakuambia na wewe.) Ndoo za maji abebe mwingine. Lala kidogo mchana, lakini usishinde kitandani: kutembea polepole jioni hupunguza uchovu kuliko kulala. Kula unachokiweza, mayai, maharage, dagaa, hata kidogo mara nyingi. Ukiishiwa pumzi au moyo ukienda mbio, tuambie tupime damu. Na kama kuna dawa za miti shamba unazotumia, zitaje, hatugombi.

Jumatatu njoo saa 2 asubuhi. Kunywa chai yako kabisa, hakuna kufunga, na uvae blauzi yenye vifungo mbele.